Hadithi ya Biashara Ndogo: Kila Sentensi na Shahidi Wake

Mwaka 2015 ndugu wawili wenye kiwanda kidogo cha chokoleti huko Brooklyn, jijini New York, waliingia matatani. Rick na Michael Mast walikuwa wamejijengea jina kwa hadithi moja: kwamba wananunua kakao ikiwa bado mbegu na kuigeuza chokoleti wao wenyewe, hatua kwa hatua. Kuna shehena waliyoisafirisha kwa merikebu ya matanga kutoka Jamhuri ya Dominika. Wateja walikubali kulipa bei kubwa. Kisha mwandishi mmoja akachapisha tuhuma kwamba zamani walikuwa wakiyeyusha chokoleti ya kiwandani, na Rick akakiri kwamba siku za mwanzo waliwahi kutumia chokoleti ya kununua.

Kutumia chokoleti ya kununua wakati unajifunza kazi si dhambi. Kilichowaponza ni hadithi iliyoruka hatua hiyo. Kwa mwenye biashara ndogo, hapo ndipo pa kujifunzia, maana mteja anayesoma habari za mwanzilishi nyuma ya chupa anakuwa ameshaanza kukagua. Kila sentensi ni dai, na kila dai lina mtu anayeweza kulithibitisha au kulikana: jirani, mkulima, kibarua, ofisa wa viwango.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Dodoma anatengeneza siagi ya karanga. Kijana wa matangazo amemwandikia hivi: “Tangu utotoni mwanzilishi wetu aliota kubadilisha lishe ya Watanzania. Kwa mapishi ya siri ya bibi yake na mtaji wa shilingi elfu kumi tu, alianza peke yake. Leo siagi yetu asilia, isiyo na kemikali, iliyothibitishwa na serikali, inashusha presha na ni chaguo namba moja nchini.”

Maneno yanavutia. Sasa achukue daftari, agawe ukurasa mara mbili: kushoto aandike kila dai, kulia aandike nani au nini kinalishuhudia. Palipo patupu upande wa kulia, dai lifutwe au lisemwe upya.

Aanze na shilingi elfu kumi. Pengine hiyo ilinunua karanga za kwanza, lakini mashine ya kusagia aliazimwa na dada yake, na kodi ya chumba ililipwa na mshahara wa mumewe. Dada anaposoma “peke yake” atanuna, na shoga zake wote watajua kwa nini. Msaada ukitajwa haumpunguzii heshima mwanzilishi. Msomaji anayejua ugumu wa mtaji ndiye atakayeuamini zaidi mwanzo wenye mkopo wa vikoba na mashine ya kuazima.

Bibi naye apewe haki yake, asizidishiwe. Kama bibi alitwanga karanga kwenye kinu na mjukuu akajifunza kwake kujua karanga iliyoiva kwa harufu, hilo liandikwe. Lakini kama kusaga laini na kufungasha amejifunza kwenye mafunzo ya SIDO, hilo nalo liandikwe.

“Iliyothibitishwa na serikali” ndilo dai linalopotosha kuliko yote, na mara nyingi mwenyewe hajui kwamba anapotosha. Cheti cha BRELA kinasema jina la biashara limesajiliwa. Cheti cha mafunzo kinasema ulihudhuria. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopima siagi. Alama ya ubora ya TBS ndiyo inayohusu bidhaa yenyewe, nayo inahusu ile bidhaa iliyokaguliwa. Mama huyu akianza kesho kutengeneza siagi ya korosho, alama aliyopewa kwa siagi ya karanga haihami nayo. Basi ataje cheti kwa jina lake na bidhaa inayohusika, asiseme “serikali” kwa jumla.

“Isiyo na kemikali” halimwambii mteja kitu, na linakwepa swali ambalo mnunuzi makini wa karanga anataka lijibiwe: sumukuvu. Hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri au yaliyohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokuwa wamekula mahindi. Haionekani kwa macho wala haionjeki, na kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo mama hawezi kuandika “haina sumukuvu” kwa kuwa tu anachambua karanga kwa uangalifu. Anachoweza kusema ni kile anachokifanya: kwamba karanga zilizokunjamana, zilizopasuka au zenye ukungu zinaondolewa kwa mkono kabla ya kukaangwa. Kama ana majibu ya maabara, aseme ni ya mzigo gani na wa lini, kwa sababu kipimo cha mzigo mmoja hakizungumzii ule unaofuata.

Kushusha presha kuondoke kabisa. Miongozo ya kimataifa ya Kodeksi kuhusu madai ya vyakula hairuhusu chakula kutangazwa kwamba kinatibu au kinazuia ugonjwa, na mgonjwa akiacha vidonge kwa kuamini chupa ya siagi, hakuna hadithi itakayomrudisha. “Namba moja nchini” nalo limekosa shahidi, kwa hiyo lifutwe.

Baada ya kuchuja, yaliyobaki yanaweza kusomeka hivi:

“Nilianza kutengeneza siagi ya karanga mwaka 2019 jikoni kwangu, Dodoma. Mtaji ulikuwa shilingi 300,000, nusu akiba yangu na nusu mkopo wa vikoba. Mashine ya kwanza niliazimwa na dada yangu. Bibi alinifundisha kuijua karanga iliyoiva. Kusaga na kufungasha nilijifunza SIDO. Karanga nanunua kwa wakulima wa Kongwa. Kina mama wawili wanazichambua kwa mkono na kuondoa zilizokunjamana, zilizopasuka na zenye ukungu. Ndani ya chupa kuna karanga na chumvi tu, ndiyo maana mafuta hupanda juu. Koroga kabla ya kupaka. Siagi hii ya karanga ina alama ya ubora ya TBS. Imeandikwa Januari 2025.”

Tazama sentensi ya mafuta. Mteja asiyejua akiyaona yameelea hudhani siagi imeharibika, hurudisha chupa au hunyamaza na kuhama. Kasoro inayoelezwa mapema pamoja na sababu yake inamsaidia mteja, na inaonyesha kwamba mwandishi hakuchagua kusema mazuri peke yake.

Tazama pia tarehe. Hadithi ya kweli inaweza kugeuka uongo bila mtu kuongeza neno. Biashara ikikua, karanga zikaanza kununuliwa kwa dalali wa sokoni badala ya Kongwa, au uchambuaji ukahamia kwa kontrakta, maandishi ya zamani yanakuwa dai lisilo na shahidi. Ndiyo maana kabla ya kila uchapaji mpya wa lebo daftari lile lifunguliwe na upande wa kulia upitiwe upya.

Mwisho, kabla ya kupeleka kwa mchapaji, wasomewe kwa sauti watu watatu: dada aliyeazima mashine, mmoja wa wachambuaji, na mkulima anayeuza karanga. Mmoja akicheka, akikunja uso au akisema “hapo umetia chumvi”, sentensi hiyo haijakomaa. Mtu wa matangazo hawezi kuigundua, kwa sababu yeye hakuwepo.