Saa Sita Usiku, Mali Ilikuwa ya Nani?

Mfanyabiashara wa vigae wa Kariakoo anafunga hesabu zake Desemba 31. Katoni zilizo ghalani kwake hazimsumbui sana mkaguzi, kwani atasimama pale wakati vijana wanahesabu, kisha arudie kuhesabu mafungu machache yeye mwenyewe. Kazi iko kwenye mali isiyoonekana: katoni 400 alizompa mwenzake wa Mwanza kwa mali kauli, kontena lililo baharini kutoka China, na mzigo uliolala kwenye ghala la kukodi Vingunguti.

Tuanze na Mwanza, maana hapa faida hupanda isivyostahili, mara nyingi bila nia mbaya. Tunaposema mali kauli huwa tunachanganya mambo mawili. Yuko anayechukua mzigo na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi, uuzike usiuzike. Huyo amenunua, na deni ni lake. Yuko pia anayelipia kile alichouza tu, kilichobaki anakirudisha. Huyu hajanunua kitu. Ametunza mali ya mwenzake. Kwa kuwa makubaliano mengi ni ya mdomo, mkaguzi huutafuta ukweli kwenye mwenendo wao. Je, pesa hutumwa kwa tarehe zilizopangwa, au hufika kidogo kidogo kadiri vigae vinavyouzika? Je, miezi iliyopita kuna mzigo uliowahi kurudishwa bila ugomvi?

Tuseme katoni moja ilinunuliwa kwa shilingi 30,000 na inauzwa 42,000. Karani aliandika zote 400 kuwa zimeuzwa siku ile ile zilipopakiwa kwenye lori. Mkaguzi anaandika Mwanza, anajibiwa kuwa hadi Desemba 31 zilikuwa zimeuzwa 150, na zilizobaki zinaweza kurudishwa. Basi katoni 250 zinatolewa kwenye mauzo, shilingi 10,500,000, na kurudi kwenye stoku kwa bei ya kununulia, shilingi 7,500,000. Faida iliyokuwa imeandikwa inapungua kwa shilingi 3,000,000.

Kontena nalo lina hati zake. Ankara imeandikwa FOB, maana yake mzigo ukishapakiwa melini kule China, hasara ikitokea njiani ni ya mnunuzi. Hati ya shehena inaonyesha ulipakiwa Desemba 18, meli ikafika Dar es Salaam Januari. Kwa hiyo mwaka ulipokwisha vigae vile vilikuwa vyake, na deni lilikuwa lake. Wengi hudhani CIF ni tofauti kwa sababu muuzaji ndiye aliyelipia nauli na bima. Si hivyo: hata hapo hatari humhamia mnunuzi mzigo unapopakiwa.

Mazoea ya madukani ni kuandika ankara siku kontena linapotolewa bandarini. Vigae na deni vikiachwa vyote viwili, faida haiguswi, ila benki inamwona mtu mwenye deni dogo kuliko alilo nalo. Hatari kubwa ni vigae kuingizwa kwenye stoku ya Desemba huku ankara ikisubiri Januari, kwa sababu hapo gharama yote ya kontena inageuka faida. Ndiyo maana mkaguzi huomba ankara za Januari na kusoma tarehe za kupakia, si za kupokea.

Kwa ghala la Vingunguti, mkaguzi huomba barua ya uthibitisho: ni katoni ngapi, za nani, ziko katika hali gani, na je, zimewekwa rehani? Mteja huisaini, lakini mkaguzi huituma mwenyewe, na jibu lazima lije kwake moja kwa moja.

Hata hivyo, barua peke yake iliwahi kugharimu sana. Mwaka 1938 iligundulika kuwa kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ya Marekani ilikuwa na stoku hewa ya takriban dola milioni 10, iliyodaiwa kuwa kwenye maghala ya Kanada. Wakaguzi walipewa uthibitisho wa maandishi, nao ulikuwa wa kughushi. Hawakwenda kuangalia, kwa kuwa wakati huo kushuhudia uhesabuji hakukuwa sharti. Mwaka uliofuata, taaluma ya ukaguzi nchini humo ililifanya kuwa sharti.

Kwa hiyo mzigo ukiwa mkubwa, nenda Vingunguti. Kwanza hakikisha ghala lenyewe lipo na mwenyewe si ndugu wa mteja. Tafuta risiti za kodi ya ghala, kwani mzigo uliolala miezi miwili bila kulipiwa unatia shaka. Soma namba za uzalishaji kwenye katoni na uzilinganishe na hati za kuingiza mzigo, kwa sababu vigae vya wateja wanne vikipangwa pamoja, ni rahisi kuonyeshwa vya jirani. Ukifika Januari 9, hesabu ulichokikuta, ongeza kilichotoka tangu Januari 1, ondoa kilichoingia, ndipo upate stoku ya usiku ule. Na ikiwa ghala halijibu, mlango haufunguliwi, na hakuna ushahidi mwingine, mkaguzi anapaswa kuandika kwenye ripoti yake kwamba stoku hiyo hakuweza kuithibitisha, hata kama mteja ni wa miaka mingi.