Kutoka Fomani Hadi Meneja Mradi: Barua ya Siku 28

Chukua mfano wa jengo la ghorofa nne lenye mkataba wa shilingi bilioni 2. Nguzo zimeshamwagwa zege, boksi la jamvi linalofuata limeanza kupangwa, lakini michoro ya nondo kutoka kwa mhandisi mshauri haijafika. Msimamizi wa saiti aliyekomaa hakai akisubiri. Anawahamishia mafundi kwenye kuta za chini, wengine wanaanza kupiga lipu, vibarua wanapunguzwa, na saruji iliyomo stoo inainuliwa juu ya mbao isije ikashika unyevu. Wiki tatu baadaye michoro inafika na kazi inaendelea. Kwa macho ya saiti amefanya kazi nzuri, na kweli ameifanya.

Kuna barua moja tu ambayo haikuandikwa.

Miradi mingi mikubwa ya Afrika Mashariki hutumia mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Katika kitabu chake chekundu cha mwaka 1999, kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi anayedai muda wa nyongeza au fidia atoe notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lililomchelewesha. Siku hizo zikipita kimya, haki ya kudai inapotea, hata kama kila mtu saiti anajua kwamba kosa halikuwa la mkandarasi.

Ikiwa mkataba ule wa bilioni 2 unatoza asilimia 0.1 ya thamani yake kwa kila siku ya kuchelewa, hiyo ni shilingi milioni 2 kwa siku. Wiki tatu ni milioni 42. Fedha hizo zinaweza kumeza faida yote ya mradi, na chanzo chake si zege mbovu wala fundi mvivu. Ni karatasi moja ambayo hakuna aliyejua kwamba ni wajibu wake kuiandika.

Hapo ndipo mpaka ulipo kati ya kazi hizi mbili. Msimamizi wa saiti huulizwa kazi ya leo imekwendaje. Meneja mradi huulizwa kazi ya leo imebadilisha nini katika muda na fedha za mkataba. Na barua peke yake haitoshi. Chini ya mkataba huohuo, maelezo kamili ya dai hutakiwa ndani ya siku 42, na lazima yaonyeshe kwamba jamvi lililosimama lilikuwa kwenye mnyororo wa kazi ambazo moja ikichelewa, tarehe ya kukabidhi jengo nayo inasogea. Kama kazi iliyokwama ingeweza kusubiri mwezi mzima bila kuathiri tarehe hiyo, mhandisi mshauri ana sababu ya kukataa muda wa nyongeza. Kwa hiyo meneja mradi anahitaji ratiba inayoonyesha kazi ipi inaisubiri ipi. Ratiba iliyobandikwa ukutani siku ya kwanza na kusahauliwa haimsaidii.

Fedha nazo zina mwendo wake, ambao fomani mara nyingi huuona kwa upande mmoja tu: mishahara imechelewa. Kwa kitabu hichohicho, mteja ana hadi siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee madai ya mwezi. Kazi ya siku 30 za kwanza, ikidaiwa mwisho wa mwezi, inaweza kulipwa siku ya 86. Malipo ya awali yakiwepo hupunguza makali, lakini bado saruji, nondo na ujira wa karibu miezi mitatu vinahitaji mtu aliyevipangia mapema.

Je, mtu aliyejifunza haya yote anapandishwa cheo? Si lazima, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Zabuni za kazi kubwa huorodhesha wataalamu muhimu ambao mkandarasi atawaweka kwenye mradi, pamoja na elimu, usajili na miaka ya uzoefu wa kila mmoja. Kwa nafasi ya meneja mradi Tanzania, mara nyingi hutakiwa mtu mwenye shahada aliyesajiliwa na bodi ya taaluma yake. Bosi anaweza kumwamini fomani wake kwa moyo wote, lakini akiandika jina lake kwenye nafasi hiyo bila sifa zilizotajwa, anaiweka zabuni nzima hatarini.

Njia ya kuufungua mlango huo inategemea mtu anaanzia wapi. Fundi aliyejifunza kazi mikononi mwa wenzake anaweza kupimwa na VETA na kupewa cheti cha ujuzi alionao. Ni hatua yenye heshima, ila cheti hicho hakichukui nafasi ya stashahada. Mwenye stashahada ya kawaida ya ujenzi, yaani ngazi ya 6 ya elimu ya ufundi, ni fundi sanifu, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inao utaratibu wa kuwasajili mafundi sanifu pia. Kutoka hapo anaweza kuomba shahada ya kwanza katika vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, akiwa na ufaulu mzuri wa stashahada. Akishahitimu husajiliwa kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi wa mhandisi mzoefu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Mafunzo hayo, yajulikanayo kama SEAP, ni ya miaka mitatu.

Ukijumlisha, ni safari ya miaka sita au saba. Kwa mtu wa miaka 28 ni hesabu inayolipa. Kwa mwenye miaka 45 na watoto wa kusomesha, ni uamuzi mzito, na wengi wa rika hilo hutafuta njia ya PMP, cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani. Mwombaji mwenye shahada ya miaka minne hutakiwa kuthibitisha miezi 36 ya kuongoza miradi. Anayeomba kwa elimu ya sekondari tu, miezi 60. Juu yake kuna saa 35 za mafunzo na mtihani.

Neno la kuzingatia hapo ni kuongoza. Miaka kumi ya kusimamia kumwaga zege haihesabiki yenyewe. Kinachohesabika ni miezi ambayo mwombaji aliongoza kupanga ratiba, kugawa watu, kufuatilia gharama au kushughulikia mabadiliko. Aliyeendesha miradi miwili kwa mwezi mmoja huhesabiwa mwezi mmoja. Tena PMP haimfanyi mtu kuwa mhandisi mbele ya ERB. Zabuni ikitaka mhandisi aliyesajiliwa, cheti hicho hakitoshi. Nguvu yake iko zaidi kwa wateja binafsi, mashirika na kampuni za nje.

Uzoefu huo unaweza kuanza kukusanywa bila kuhama saiti, na chombo chake cha kwanza ni dayari. Wengi huandika: "Mvua, kazi imesimama." Anayejiandaa kupanda anaandika kwamba mvua ilianza saa nne, mafundi kumi na wawili wa nondo na mashine moja ya kuchanganya zege vilikaa bila kazi hadi saa tisa, na kazi iliyosimama ni jamvi la upande wa mashariki. Anaambatisha picha na hati ya mzigo uliopokelewa siku hiyo. Mwisho wa mwezi anaomba kukaa na mkadiriaji majenzi wakati madai ya malipo yanapoandaliwa, ili aone futi alizopima saiti zinavyogeuka shilingi kwenye jedwali la vipimo na bei. Michoro ikichelewa, anaandika rasimu ya notisi siku hiyohiyo na kumpelekea meneja wake aitie saini.