Waini kwa Menyu: Chupa Moja Inaweza Kukula Faida Yako Yote

Umefungua ka-joint kako, choma inatoka fiti, samaki pia. Sasa wasee wameanza kuuliza kama kuna waini. Usikimbie kununua aina ishirini. Sita zinatosha, na kati ya hizo uza tatu pekee kwa glasi, juu ukishafungua chupa, siku zake zimeanza kuhesabiwa.

Tupige hesabu. Chukulia sapulaya amekuuzia chupa ya mililita 750 kwa 1,200. Ukimwaga mililita 150, unapata glasi tano, kila moja imekugharimu 240. Wengi hapo wanaandika 350 kwa menyu na kujiona wameomoka. Shida ni Jumanne. Zikitoka glasi mbili tu, iliyobaki ikae hadi iharibike, umeingiza 700 na 500 imeenda. Weka 600. Glasi mbili za kwanza zinarudisha doh yako, zinazofuata ndizo zinalipa weita, stima na zile glasi zitavunjika (na zitavunjika). Chupa nzima iuze 2,400, ndio meza ya watu wanne ione ni heri wachukue yote. Hapo huachiwi masalio.

Lakini hiyo hesabu inakufa weita akimwaga kwa macho. Akiweka mililita 190, chupa haifikishi hata glasi nne. Chukua kikombe cha kupimia, pima maji mililita 150, mwaga kwa glasi zenu, kila mtu aone yanafika wapi.

Chupa iliyofunguliwa irudishie kifuniko na iingie friji, hata kama ni nyekundu. Itashikilia siku tatu hivi, so iandike tarehe. Ikianza kunuka kama siki, usijaribu kumpea kastoma. Zile hazijafunguliwa zinachukia joto na jua. Kuzipanga kwa dirisha ama juu ya friji ndio zipendeze ni kuziua polepole. Zenye kizibo cha mti zilaze, juu kizibo kikikauka hewa inapenya. Za kifuniko cha kuzungusha simamisha tu.

Kuchagua, anza na kile jikoni yako inauza. Mbuzi choma ina mafuta na chumvi, inabeba nyekundu nzito kama Pinotage ama Shiraz. Ule ukakasi wa kukausha mdomo unapoa ukikutana na nyama. Tilapia yenye ndimu inataka nyeupe yenye uchachu, Sauvignon Blanc iko sawa. Pilipili ndio hushika watu: nyekundu yenye pombe nyingi inaiongezea moto. Kwa kuku wa pilipili peana nyeupe yenye utamu kidogo, baridi kabisa. Na usijaze menyu na zile kavu pekee, wasee wengi wanaoanza waini wataitisha tamu.

Mwezi ukiisha, angalia ni gani haijaguswa. Hiyo usiagize tena, hata kama ndiyo wewe unapenda.