Nani alilipia ndoa ya AOL?

Januari 2000, AOL ilikubali kuungana na Time Warner kwa kubadilishana hisa. Hisa ya Time Warner iliuzwa takribani dola 65. Mwenye nayo aliahidiwa hisa moja na nusu ya kampuni mpya, thamani ya karibu dola 110 kwa bei ya AOL wakati huo. Ziada ya karibu asilimia 70!

Upande wa AOL, hesabu inatisha. Yenyewe ilikuwa na thamani ya takribani dola bilioni 165, mwenzake 85, jumla 250. Wanahisa wake walibaki na asilimia 55, kama bilioni 137. Ili wasipoteze, muungano ulipaswa kuzaa thamani mpya ya bilioni 50 hivi.

Haikupatikana; mwaka 2002 kampuni ilipata hasara ya karibu bilioni 99. Na kwa kuwa wa Time Warner walilipwa hisa badala ya fedha taslimu, ziada yao nayo iliyeyuka.