Ngazi za Ofrenda: Meksiko Inavyowaandalia Marehemu Wake

Mwishoni mwa Oktoba, katika nyumba nyingi za Meksiko, meza moja huachishwa kazi yake ya kawaida. Husogezwa hadi ukutani, makreti ya mbao ya kubebea matunda hupangwa juu yake, shuka jeupe hufunika vyote, na ujenzi wa ofrenda, yaani altare ya Siku ya Wafu, huwa umeanza. Tarehe zenyewe si ngeni kwa Wakatoliki wa huku: 1 Novemba ni Watakatifu Wote, na 2 Novemba ni Kuwakumbuka Marehemu Wote. Ila huku watu huenda kanisani na makaburini kuwaombea wafu wao, na Wameksiko, pamoja na kufanya hayo, huwangojea nyumbani. Watoto waliofariki hutangulia kufika, wakubwa hufuata siku ya pili, ingawa saa hasa hutegemea kijiji na kijiji.

Basi altare hii haijengwi kwa ajili ya kumwabudu marehemu. Inajengwa kumpokea mtu aliyetoka safari ndefu, mwenye kiu na njaa, na ambaye huenda hakumbuki vizuri njia ya kwao. Kila kinachowekwa pale kina kazi katika mapokezi hayo.

Tuanze na ngazi. Altare ya madaraja mawili husemwa kuwa ni mbingu na dunia. Ya matatu huongezewa toharani, au kuzimu, inategemea anayekueleza. Ya saba huhesabiwa kuwa ni hatua ambazo roho hupitia kabla ya kupumzika. Hizi za saba utaziona zaidi shuleni, kwenye makumbusho na katika mashindano. Nyumbani nafasi ndiyo inayoamua, na kwa maoni yangu tatu zinatosha. Meza ndiyo daraja la chini. Nyuma yake, nusu ya upana wa meza, panga safu ya makreti yaliyolala, yenye kimo cha sentimita 25 hivi. Juu ya safu hiyo, upande wa ukutani kabisa, weka nyingine nyembamba zaidi. Kila daraja liachiwe kina cha kutosha kukalisha sahani, la sivyo vyakula vitarundikana ukingoni. Kabla ya kutandika shuka, sukuma makreti kwa mkono. Yakitikisika sasa, yatatikisika zaidi mtoto atakapoikanyaga pindo la shuka. Kwa hiyo pindo liishie juu ya sakafu, na vitu vizito vikae chini.

Daraja la juu hukaa picha za marehemu, mara nyingi pamoja na msalaba au picha ya Bikira wa Guadalupe. Siku hizi watu huzungumza kana kwamba bila picha hakuna altare, lakini desturi ina mizizi mirefu kuliko kamera, na familia isiyo na picha huweka kofia, shali au chombo cha kazi cha mwenyewe. Huaquechula, mji mdogo wa jimbo la Puebla, wana namna yao ya kuweka picha. Pale, familia iliyofiwa ndani ya mwaka huo hujengewa altare ya madaraja matatu inayokaribia kugusa dari, yote ikiwa imevikwa satini nyeupe iliyokunjwa kwa marinda, na mafundi wa kazi hiyo hukodiwa. Picha ya marehemu huwekwa daraja la chini, lakini hugeuzwa ielekee kioo. Mgeni anayeingia na mshumaa wake mkononi haioni picha yenyewe. Anaona taswira ya kiooni tu, kwa sababu mtu huyo hayuko tena upande huu wa dunia. Mgeni huyo, hata kama hajulikani, hukaribishwa chakula. Gharama si ndogo, na mwaka unaofuata marehemu yuleyule atawekewa altare ya kawaida kama wenzake.

Ua la siku hiyo ni sempasuchili, lenye rangi ya machungwa iliyoiva na petali nyingi zilizosongamana. Asili yake ni Meksiko, lakini limetembea: ndilo lile ambalo Wahindi hutungia mashada ya harusi na ya hekaluni. Huchanua zaidi siku zinapoanza kuwa fupi, na hivyo wakulima hupanda mbegu katikati ya mwaka ili maua yawahi Oktoba. Altare hulitumia kwa njia mbili. Maua mazima hufungwa kwenye tao la matete au miwa linalosimamishwa mbele ya madaraja kama mlango, na mengine huwekwa kwenye vyombo vya maji. Majani yote yanayozama yaondolewe, kwani yakioza maji hunuka na ua hulegea mapema. Petali za maua mengine hunyofolewa na kumwagwa sakafuni kufanya njia, kutoka barabarani hadi mguuni mwa altare. Njia ikianzia sebuleni haimsaidii mtu aliye nje. Ua hili lina harufu kali, ambayo wengine hawaipendi, lakini ndiyo inayotakiwa. Kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, petali hizo huteleza vibaya, basi maji yasimwagwe juu yake.

Harufu nyingine ni ya kopali, utomvu unaotoka kwenye miti ya ukoo mmoja na ule wa ubani. Huchomwa juu ya makaa katika chetezo cha udongo, chini mbele ya meza. Watu wa pwani hawatahitaji kufundishwa zaidi.

Daraja la katikati ni la chakula, na hapa hakuna orodha ya wote. Tuseme nyumba inamngojea bibi aliyependa kahawa chungu na tamale, yaani unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda ya mahindi ukapikwa kwa mvuke. Atawekewa hivyo hivyo, ndani ya kikombe chake cha zamani kama bado kipo, vikiwa vya moto, kwa sababu mgeni huyu hula mvuke na harufu. Kando yake patakuwa na mkate wa wafu, wa mviringo, wenye vipande vya unga vilivyofinyangwa kama mifupa juu yake. Kama anangojewa mtoto, chakula hakitiwi pilipili, na sahani huwa ndogo. Mchuzi mzito wa mole usiwekwe ukingoni. Ukimwagika kwenye shuka jeupe hautoki. Chini kabisa hukaa glasi ya maji, kisahani cha chumvi, na mara nyingine beseni, sabuni na taulo ili msafiri anawe.

Mishumaa huja mwisho, nayo ndiyo yenye hatari. Mapambo ya altare ni karatasi za shashi zilizotobolewa kwa patasi, na petali zinazokauka kadiri siku zinavyopita. Mishumaa ya kwenye glasi ni salama zaidi, lakini ikae mbele ya madaraja, isikae chini ya karatasi inayoning'inia. Karatasi ikianza kupepea bila upepo, ujue joto la mshumaa linaifikia. Nta ikibaki kidogo chini, zima uwashe mwingine, kwani utambi ukigusa kitako huweza kuipasua glasi.

Sherehe ikiisha chakula hugawanywa, na sahani zikapelekwa kwa majirani na mandugu. Wengi hukwambia kwamba mkate na matunda ya altare hayana ladha tena, kwa kuwa mwenyewe ameshakula. Mikate iliyokaa mezani siku mbili, hata mwokaji angekwambia hivyo.