Kovu Liachwe, Vipele Viondolewe

Bwana harusi aliponiandikia, harusi ilikuwa imeshapita na picha za kuchagulia nilikuwa nimeshamtumia. Barua yake ilianza kwa shikamoo, ikaomba radhi mara mbili kabla ya kufika kwenye hoja, kisha ikasema: "Kaka, sitaki nionekane mtu mwingine. Ila kuna vitu vidogo vinaninyima usingizi." Vikafuata vitu vyenyewe, kila kimoja na namba ya picha yake, na chini kabisa orodha ya pili aliyoipa kichwa "Usiguse". Ameniruhusu kuitumia bila kumtaja jina. Naileta hapa kwa sababu maharusi wengi hutupa wapiga picha agizo la maneno mawili tu, "tutengenezee vizuri", na agizo hilo kila fundi hulielewa kivyake. Mmoja atafuta chunusi, mwingine atafuta sura.

La kwanza lilikuwa shingo. "Kwenye IMG_0412 na zinazofuata, naomba uondoe vipele vya shingoni. Nilinyolewa asubuhi ile ile." Kila kinyozi anavijua vipele hivi. Nywele zetu zimejikunja. Wembe ukizikata chini kabisa, ncha iliyobaki huwa kali, na inapoanza kuota hujipinda na kuingia tena kwenye ngozi. Ngozi nayo huvimba. Ndiyo maana huwashauri mabwana harusi wanyoe siku mbili tatu kabla, kwa mashine isiyokwangua hadi mwisho.

Kwenye kompyuta, vipele kama hivyo huondolewa kimoja kimoja. Unachukua kipande kidogo cha ngozi nzima iliyo jirani, yenye mwanga ule ule, unafunikia palipovimba. Kazi hiyo haina ugumu, inataka subira tu. Tatizo huja pale fundi mwenye picha mia nane mezani anapotumia njia ya mkato, akaulainisha uso wote kwa mpigo mmoja. Vinyweleo vinapotea, mashina ya ndevu yanapotea, shavu linabaki kama sahani iliyooshwa. Ukitaka kujua kama picha yako imefanyiwa hivyo, tazama shavu, kisha tazama mkono ulioshika maua. Mkono ukiwa na mistari na vinyweleo vyake huku shavu likiwa halina hata kimoja, ujue uso umepitiwa.

Kipimo ninachotumia ni cha wiki mbili. Kitu ambacho kingekuwa kimeondoka chenyewe wiki mbili baada ya harusi, kama kipele, mkwaruzo, jicho jekundu la kukosa usingizi au uzi uliogandia kwenye koti, nakiondoa bila kuuliza. Kitu ambacho mtu angekuwa nacho bado, sikigusi mpaka mwenyewe aseme. Bwana harusi huyu alisema, na alisema vizuri: "Kovu la juu ya nyusi liache, ninalo tangu darasa la tatu. Mwanya wa mke wangu usiuzibe. Mikunjo ya mama iache yote." Nilifurahi kuliona hilo la mama, kwa sababu mafundi wengi huwapunguzia wazazi umri wakidhani wanawaheshimu. Mtoto akifungua albamu baada ya miaka ishirini atamtafuta bibi yake pale, naye hatamwona. Atakutana na mwanamke mwenye umri usiojulikana, aliyevaa kitenge cha bibi.

Sehemu nzito ya barua ilikuwa hii: "Kwenye picha za kanisani nimekuwa mweusi kuliko nilivyo, na za ukumbini mke wangu amekuwa mweupe kuliko alivyo. Naomba turudi tulivyo." Sentensi mbili hizo zina matatizo mawili tofauti, na kila moja lina chanzo chake.

Kamera haijui inachokipiga. Kipimo chake cha mwanga hukisia kwamba mandhari yote, ukiichanganya pamoja, ni ya kijivu cha wastani. Ikikutana na gauni jeupe, shela nyeupe na ukuta uliopakwa chokaa, huona weupe umezidi, basi hupunguza mwanga. Gauni linatoka vizuri. Anayeumia ni bwana harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya suti nyeusi, kwa sababu mwanga uliopunguzwa kwa ajili ya gauni umepunguzwa kwake pia. Mpiga picha naye mara nyingi hukubali hivyo kwa makusudi, kwani weupe ukishaungua hauna tena mkunjo wala lesi ya kurudisha, ilhali kwenye giza bado kuna kitu cha kuokoa.

Hapo ndipo aina ya faili inapokuwa na maana. Faili ghafi ya kamera, ile iitwayo RAW, kwa kamera nyingi za kazi hii huhifadhi ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi. JPEG huhifadhi 256. Nikiupandisha mwanga wa uso wake peke yake kutoka kwenye faili ghafi, ngozi hutoka na kina chake, na wekundu wa chini ya kahawia huonekana. Nikifanya vile vile kwenye JPEG, madoa na chembechembe huanza kujitokeza kwenye mashavu. Kwa hiyo anayetafuta mpiga picha aulize mapema kama anapiga kwa faili ghafi, maana baada ya harusi hakuna namna ya kuipata.

Shida ya ngozi nyeusi mbele ya kamera haikuanza na harusi za siku hizi. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha "sahihi", na filamu zenyewe zilitengenezwa kwa kuifuata. Watu weusi walitoka macho na meno tu. Miongoni mwa waliolalamika na kusikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao walitaka tofauti za kahawia zionekane kwenye matangazo yao. Naliona hilo kuwa jambo la kusikitisha, na ndiyo sababu siwezi kuichukulia rangi ya mtu kama kitu cha kubahatisha.

La bibi harusi ukumbini lilikuwa kinyume. Poda na faundesheni nyingi zina chembe zinazorudisha mwanga, hasa zile zenye kinga ya jua. Kwenye kioo cha saluni hazionekani, ila flashi ikiwaka, uso hung'aa kijivujivu huku shingo na mikono ikibaki na rangi yake. Shingo na mikono, basi, ndiyo mashahidi. Nilichukua rangi ya mkono wake wa juu, pasipopakwa kitu, nikaushusha mng'ao wa uso na kuurudishia ujoto mpaka uso na mkono vikawa vya mtu mmoja.

Watu huchanganya kuongeza mwanga na kuweupesha ngozi, wakati alama zake haziendani. Mwanga ukiongezwa, kila kitu kilichopo pale kinapanda pamoja, yaani shati, meno, weupe wa jicho na ngozi. Ngozi ikiweupeshwa, inapanda peke yake, na picha inasema: masikio yanabaki meusi kuliko mashavu, kiganja na mgongo wa mkono vinakaribiana rangi, kahawia inaanza kuelekea kwenye majivu au waridi. Bwana harusi alikuwa ameandika, "Mwanga ongeza, rangi usiongeze." Laiti kila mteja angeniandikia hivyo.

Picha tatu za kucheza muziki zilinishinda, nikamwambia wazi. Taa za jukwaani zilikuwa za buluu tupu. Chini ya taa ya namna hiyo kamera hupokea nyekundu na kijani kidogo mno, na rangi ambayo haikuingia haiwezi kurudishwa kwa ufundi wowote. Ukilazimisha, ngozi inakuwa na mabaka. Nilizigeuza zikawa za nyeusi na nyeupe. Kamati ikimwomba mtu wa taa awashe nyeupe ya kawaida wakati wa kukata keki na kulishana, tatizo hili halitokei.

Kisha kulikuwa na bibi. "IMG_0587, picha ya ukoo, bibi amefumba macho. Kaka, hii ndiyo inayoniuma zaidi." Kwa picha za kundi kubwa nina desturi ya kupiga tano mfululizo, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu, kwa sababu kati ya watu ishirini na kitu lazima mmoja apepese. Kwenye IMG_0588 bibi alikuwa amefumbua. Nikauchukua uso wake wa sekunde ile ya pili, nikauweka mahali pake pale pale. Jambo la kukagua ni pale kilemba kinapogusana na kichwa na pale kidevu kinapokutana na shingo. Kama mtu aligeuka hata kidogo kati ya picha mbili, ukingo hutokea mara mbili, na kivuli cha chini ya pua huelekea upande mmoja huku vya majirani vikielekea mwingine. Bibi alikuwa ametulia, kwa hiyo ilikubali. Kama ingekuwa ni kuuleta uso wa kanisani na kuuweka kwenye picha ya bustanini, ningekataa, kwa sababu mwanga wa ndani na wa jua hauoani.

Aliuliza pia, kwa aibu, kama tumbo linaweza kupungua. Nilipoitazama picha niliona kwamba kinachosumbua ni kifungo cha koti: suti ilishonwa miezi miwili kabla, na kifungo kikavuta kitambaa kikatoa mikunjo inayokutana katikati. Nilipunguza mikunjo, mwili nikauacha. Kuusukuma mwili ndani huvuta na kilicho nyuma yake. Mistari ya vigae hupinda, fremu ya mlango huingia kiuno. Mtazamaji huiona fremu kwanza, kisha akaelewa kilichofanyika.

Orodha ya "Usiguse" ilimalizika na mambo mawili: saa ya marehemu baba yake yenye kioo kilichopasuka, na mtoto wa dada yake aliyekatiza mbele ya kamera maharusi wakitoka kanisani. Chupa ya maji iliyosahaulika kwenye meza kuu niliiondoa. Mtoto yumo, mguu mmoja hewani.

Lililobaki lilikuwa karatasi. Alikuwa akizitazama picha kwenye simu iliyowashwa mwanga wote, akizivuta mpaka kipele kimoja kinajaza kioo. Picha ya kamera yangu ina nukta 6,000 kwa upana. Ukurasa wa albamu wa sentimita 30 hutumia takriban 3,500 kati ya hizo, kwa hiyo sehemu kubwa ya vilivyomkosesha usingizi isingefika hata kwenye albamu. Lakini karatasi haitoi mwanga kama simu, na weusi hushuka zaidi inapochapwa. Tulichapa kwanza nakala moja ndogo ya IMG_0587. Suti za wajomba waliosimama nyuma zilikuwa zimeungana na kuwa giza moja. Nikayapandisha maeneo ya giza kidogo, nikachapa ya pili, akaitazama mchana dirishani pamoja na mkewe, wakahesabu wajomba wote, ndipo albamu ikaenda kiwandani.