Kwa Nini Wafanyakazi Hutegea? Majibu Mawili ya Menejimenti

Mwaka 1878 Frederick Taylor alianza kazi ya kibarua katika kiwanda cha chuma cha Midvale, mjini Philadelphia, Marekani. Baadaye alipandishwa akawa nyapara wa mafundi wa mashine. Kwa kuwa alitoka miongoni mwao, aliijua siri yao: walikuwa wakitegea kwa makubaliano. Kila fundi alijua kiwango ambacho hakupaswa kukivuka kwa siku, na aliyekivuka alionekana msaliti.

Mwanafunzi anayelinganisha nadharia kongwe za menejimenti na mkabala wa mahusiano ya kibinadamu atafaidika akianzia hapa, kwa sababu pande zote mbili ziliuona utegeaji huu na kila upande ukatoa sababu yake.

Taylor hakuuona kuwa ni uvivu mtupu. Mafundi walilipwa kwa idadi ya vipande walivyotengeneza, lakini wakiongeza kasi, mwajiri alishusha bei ya kila kipande. Fundi aliyejituma aliishia kuchoka zaidi kwa pesa zilezile. Mwajiri naye alipanga bei kwa kukisia, maana hakujua kazi inachukua muda gani. Dawa ya Taylor ilikuwa kuipima kazi kwa saa hatua kwa hatua, kumchagua mtu anayeifaa, kumfundisha njia moja iliyo bora, kisha kumlipa zaidi akifikia kiwango, bila kuichezea bei.

Mwaka 1899, katika kampuni ya chuma ya Bethlehem, alitumia njia hiyo kwa vibarua waliopakia vipande vya chuma kwenye mabehewa, kila kipande kikiwa na uzito wa kilo 42 hivi. Kwa maelezo yake mwenyewe, kibarua mmoja alitoka tani 12 na nusu kwa siku hadi tani zipatazo 47, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Kazi iliongezeka karibu mara nne, ujira ukaongezeka kwa asilimia 60 tu.

Wakongwe wengine walitazama kutoka juu. Henri Fayol, mhandisi wa migodi Mfaransa, alitoa kanuni 14 mwaka 1916, mojawapo ikiwa kwamba kila mtu apokee amri kwa mkuu mmoja. Mjerumani Max Weber alieleza ofisi inayoendeshwa kwa sheria zilizoandikwa na vyeo vinavyotolewa kwa sifa. Kinachowaunganisha na Taylor ni imani kwamba mpangilio wa kazi ukiwa sahihi, mwenendo wa watu utaufuata.

Imani hiyo ilitikiswa katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago. Utafiti ulianza mwaka 1924 kwa kubadilisha mwanga wa taa, na Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard akajiunga nao mwaka 1928. Wanafunzi wengi hukumbuka taa peke yake, ilhali funzo kubwa zaidi lilitoka katika chumba cha wanaume 14 waliounganisha nyaya za mitambo ya simu. Walichunguzwa kuanzia Novemba 1931 hadi Mei 1932.

Wanaume hao walilipwa kwa jumla ya kazi ya kikundi, hivyo kila aliyeongeza kasi aliwanufaisha wote. Kwa hesabu ya Taylor, wangemsukuma mzembe. Badala yake walimbana mwepesi. Walikubaliana wenyewe kwamba mitambo miwili kwa siku inatosha, na aliyezidisha alitaniwa au kupigwa ngumi ya bega. Wengine waliripoti kazi pungufu siku nzuri ili wafidie siku mbaya.

Watafiti walihitimisha kwamba ndani ya kiwanda kuna kundi lisilo rasmi lenye sheria zake, na kukubalika kwa wenzako kunaweza kuishinda pesa. Hivyo msimamizi alitakiwa asikilize watu na kuyaelewa makundi yao.

Hata hivyo, hitimisho hilo lina mipaka. Miaka ile ilikuwa ya mdororo mkubwa wa uchumi, na hofu kwamba kazi ikiisha mapema watu watapunguzwa ilikuwa na msingi: chumba chenyewe kilifungwa kwa kukosa kazi. Tena katika chumba kingine cha Hawthorne, kilichosifiwa kwa uzalishaji kupanda, mfumo wa malipo ulikuwa umebadilishwa na wanawake wawili wakaondolewa. Pesa na nidhamu havikuwa vimetoweka.

Kwa hiyo, ukikuta watu wanategea, chunguza mambo mawili kabla ya kuchagua nadharia. Uliza kama bei au kiwango cha kazi kiliwahi kubadilishwa baada ya watu kujituma. Ikiwa ndivyo, Taylor ameshakueleza chanzo. Kisha tazama anayefanya haraka anatendewaje na wenzake. Akibanwa hata pale ambapo kasi yake inawaongezea wote kipato, saa ya kupimia haitakutatulia tatizo, na hapo ndipo utakapomhitaji Mayo.